Nikisujudu shavu lote lauma: kamasi ya sainasi hutokea wapi, na mafua huizibaje?

MkaaTudor
Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Kusi imeingia na mafua yameingia nayo. Huku kwetu nyumba nzima twapiga chafya. Wenzangu wameshapona, mimi nimebakiwa na jambo moja. Shavu la kushoto, hapa chini ya jicho, limejaa na lauma. Nikisimama ni uzito tu. Nikiinama kusujudu, maumivu yashuka mpaka kwenye meno ya juu ya upande uleule, na nikiinua kichwa huchukua muda kutulia. Pua ya upande huo imeziba tangu Ijumaa. Homa sina.

Sitafuti dawa peke yake, nataka kuelewa. Ikiwa mle shavuni mna kamasi, nami nainamisha kichwa kila swala, kwa nini haichuruziki ikatoka? Kila nikiinama natarajia ishuke, badala yake yazidi kuuma. Wajuao nifahamisheni.

BintiMjiWaKale
Pole sana kaka. Hiyo ni sainasi imejaa. Bibi yetu alikuwa akichemsha majani ya mkaratusi na mwarobaini, wajifunika shuka, wavuta mvuke mpaka jasho likutoke. Ukimaliza, lala kitandani kichwa kining'inie ukingoni. Kamasi itatoka kwa uzito wake. Maji hushuka, hayapandi.

DerevaLikoni
Kamasi yako rangi gani? Ikiwa kijani, usipoteze wakati na majani. Nenda duka la dawa, mwambie akupe amoksilini. Mimi ikishakuwa kijani sisubiri.

TabibuMstaafu
Waaleikum salaam MkaaTudor. Nimefanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo hapa Pwani kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ambalo wagonjwa wengi walipaswa kuuliza. Nitalijibu taratibu.

Bi Mji wa Kale amesema maji hayapandi. Ndani ya shavu, kamasi hupanda. Ukilielewa hilo, mengine yote yatafuata.

Lile pango la shavuni, ndiyo sainasi yenyewe, lina mlango mmoja wa kawaida, na mlango huo hauko chini. Uko kwenye ukuta wa ndani, ule unaopakana na pua, tena juu kabisa, karibu na sakafu ya jicho. Ni kitundu cha milimita chache. Fikiria tangi la maji juu ya paa ambalo bomba la kutolea limetobolewa karibu na mfuniko. Ukisimama wima, hata tone halitoki kwa uzito wake mpaka tangi lijae.

Kwa hivyo mwili hautegemei uzito. Utando wa ndani ya sainasi una vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja hupiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vyote kuelekea upande mmoja. Juu yake pana kamasi ya tabaka mbili: ya chini ni majimaji ambamo vijinywele vinapata nafasi ya kupiga, ya juu ni ya kunata na ndiyo inayonasa vumbi na vijidudu. Vijinywele vinaikokota ile ya kunata kutoka sakafu ya pango, kupanda kuta zote, mpaka kwenye kile kitundu. Ikishapita hapo huingia puani, chini ya kile kinyama cha kati kilichotokeza kwenye ukuta wa pua, kisha hurudi nyuma kuelekea kooni, nasi twaimeza bila kujua. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kamasi kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa siku, puani na kwenye sainasi pamoja, wala hahisi chochote.

Hata madaktari wa upasuaji walichelewa kuiheshimu njia hii. Zamani mgonjwa ambaye shavu lake halikauki alitobolewa tundu jipya chini, karibu na sakafu ya pua, ili uchafu ushuke. Daktari mmoja, Messerklinger, huko Graz, Austria, alifuatilia mwendo wa kamasi kwa subira na kuonyesha kwamba vijinywele huendelea kuipandisha kwenye kitundu cha asili, huku kamasi ikipita kando ya tundu jipya. Ndiyo maana upasuaji wa siku hizi, ule wa kuingiza kamera puani, hupanua mlango uleule wa juu.

Nitaendelea baada ya Isha, kuhusu mafua yanavyouziba.

MkaaTudor
Subhanallah. Miaka yote nilidhani ni pango linalovuja tu. Twakusubiri daktari.

MzeeMajengo
Nafuatilia. Daktari, na mwenye kuogelea baharini? Sisi tulipokuwa vijana, ukiwa na mafua watumwa ukaoge maji ya chumvi. Pua yafunguka palepale.

TabibuMstaafu
Nimerudi. Mzee wangu Majengo, suala la bahari nitalifikia, lina ukweli ndani yake.

Sasa mafua. Kirusi cha mafua hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yanakuumiza. La kwanza, utando wa pua huvimba. Pale penye kile kitundu njia ni nyembamba sana, pande mbili za utando zimekaribiana tangu awali, kwa hivyo uvimbe mdogo tu watosha kuzigusanisha. Zikishagusana mlango umefungwa. La pili, vijinywele vyenyewe hulegea na vingine hung'oka pamoja na seli zake, na kamasi huwa nzito. Mlango umefungwa, na wale wa kuibeba kamasi wamepungua nguvu.

Maumivu ya mwanzo si lazima yawe ya usaha. Pango likifungwa, hewa iliyobaki mle ndani haibadilishwi tena. Utando unaifyonza oksijeni yake, mkandamizo wa ndani unashuka chini ya ule wa nje, na utando unavutwa na kutoa majimaji. Hapo ndipo mtu huhisi shavu limejaa. Ukiinama kusujudu, damu huzidi kichwani, utando uliovimba huvimba zaidi, na majimaji yaliyo ndani huhama yakagandamiza pengine. Mlango ungali umefungwa, hivyo hakuna kinachotoka, kinachozidi ni mkandamizo. Meno nayo yauma kwa sababu mizizi ya magego ya juu iko chini tu ya sakafu ya pango hilo, na neva zao zapita kwenye kuta zake.

Hili ni jambo la kawaida sana katika mafua, si ajabu lako peke yako. Mwaka 1994 watafiti wa Virginia, Marekani, waliwapiga picha za CT watu 31 waliokuwa na mafua ya siku chache, mafua haya haya. Asilimia 87 walikutwa na sainasi za mashavu zisizo sawa, na wengi njia ya kutokea ilikuwa imeziba. Baadhi yao walipopigwa tena baada ya wiki mbili hivi, wengi wao walikuwa wamesafika au karibu kusafika, bila antibaiotiki yoyote.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Likoni, rangi ya kijani peke yake haikuambii kitu kuhusu bakteria. Ukijani huo hutokana na chembe nyeupe za damu zilizokwenda kupigana. Zina kimeng'enya chenye rangi hiyo. Kirusi pekee chatosha kuzileta. Kati ya mafua mia ya watu wazima, yale yanayogeuka kuwa ya bakteria hayazidi mawili.

DerevaLikoni
Nimekuelewa daktari, lakini mimi nikimeza amoksilini napona baada ya siku tatu nne. Hilo walielezaje?

TabibuMstaafu
Kamasi huanza kuwa kijani kati ya siku ya tatu na ya tano ya mafua. Wewe ndipo unapokwenda dukani. Siku tatu nne baadaye ni siku ya saba au ya nane, ambapo mafua ya watu wengi yanaondoka yenyewe. Jaribu mara moja kutomeza, uangalie siku zitakuwa ngapi.

DerevaLikoni
Sawa, nitaangalia. Ila nina lingine la kwangu. Natumia ile dawa ya kupuliza puani, ya chupa ndogo. Niliianza wakati wa Ramadhani kwa mafua, na hadi leo siwezi kulala bila hiyo. Nikiingia kwenye feri asubuhi napuliza, nikila mchana napuliza, usiku napuliza. Isipokuwepo pua yafunga kabisa, pande zote mbili. Hii ni sainasi pia?

TabibuMstaafu
Ulichonacho sasa kimeletwa na dawa yenyewe. Dawa hizo, zenye oksimetazolini au zailometazolini, hubana mishipa ya damu ya utando, na pua hufunguka ndani ya dakika chache. Kwa siku tatu za mwanzo ni msaada mzuri, hasa usiku, kwa sababu pua ikifunguka hata eneo la ule mlango hupata nafuu. Zikipita siku tano, mishipa huzoea. Dawa ikiisha nguvu hutanuka kuliko awali, nawe wapuliza tena. Mafua yako yaliisha zamani.

Njia ya kutoka ni kuacha. Wengine huacha tundu moja kwanza: wapuliza la kulia pekee, la kushoto laachwa mpaka lifunguke lenyewe, halafu na la kulia nalo huachwa. Siku za mwanzo ni ngumu, na huenda ukahitaji dawa ya kupuliza ya steroidi kwa muda. Hiyo ni nyingine kabisa, haibani mishipa, hufanya kazi polepole. Nenda ukaonwe uandikiwe. Na kama una presha, mwambie anayekuhudumia, maana vidonge vya kufungua pua vyenye sudoefedrini huipandisha.

MamaSwaumu
Daktari mimi mwanangu wa miaka minne. Akishikwa na mafua namkalisha mbele ya sufuria ya maji yanayochemka, namfunika khanga na mimi ndani yake. Alilia sana juzi. Niongeze ile mafuta ya kupaka kifuani kwenye maji?

TabibuMstaafu
Mamangu, nakuomba uache sufuria leo hii. Nimeona watoto waliomwagikiwa mapajani na tumboni wakati wa kujifukiza, na majeraha yale hayana uwiano na mafua. Wala usitie mafuta yenye mentoli au kafuri kwenye maji ya moto. Mtoto wa miaka minne mtilie matone ya maji ya chumvi ya dukani, mawili matatu kila tundu, umpenge taratibu, umpe maji ya kunywa. Ukitaka mvuke, kaa naye bafuni maji ya moto yakitiririka, mlango umefungwa. Inatosha.

Kwa watu wazima, mvuke hauna madhara ukiwa na tahadhari, ila nafuu yake ni ya dakika chache. Unyevu unalainisha kamasi iliyokaukia puani. Haufiki ndani ya pango lililofungwa. Mkaratusi na mentoli hufanya jambo moja la kipekee: huamsha neva za baridi puani, mtu akahisi hewa yapita zaidi. Ukipima upana wa njia, haujabadilika. Hisia hiyo ina thamani yake wakati wa kulala, sina ugomvi nayo.

BintiMjiWaKale
Basi na kulala kichwa kikining'inia pia si kitu? Maana wallahi mimi hunisaidia.

TabibuMstaafu
Bi Mji wa Kale, una nusu ya ukweli, na ni nusu muhimu. Mkao husaidia, ila inategemea mlango uko upande gani.

Tumchukue MkaaTudor mwenyewe. Shavu lake bovu ni la kushoto. Mlango wa pango hilo uko kwenye ukuta wa ndani, yaani upande wa pua, ambao kwake ni kulia kwa pango. Akilalia ubavu wa kushoto, mlango unakuwa juu na majimaji yanakaa chini, mbali nao. Akilalia ubavu wa kulia, ukuta wenye mlango ndio unaokuwa chini, na uzito sasa wavuta majimaji kuelekea mlangoni. Kisha kuna faida ya pili: ukilala ubavu, tundu la pua la chini hujaa damu na kufunga, la juu hufunguka. Kwa hivyo akilalia kulia, pua ya kushoto nayo yapata nafasi. Mambo mawili yanasaidiana.

Kichwa akiinue kwa mito miwili, asikining'inize. Kikining'inia, damu hujaa kichwani na uvimbe huzidi, ni yaleyale ya sijda. Wewe huenda kamasi yako huwa ni ya puani tu, hiyo kweli huchuruzika, ndiyo maana wapata nafuu.

MkaaTudor
Daktari nimelalia kulia usiku uliopita kama ulivyosema, mito miwili. Karibu na alfajiri nilisikia kitu chashuka kooni, kichungu, na shavu likapungua uzito. Mchana limerudi kiasi. Nifanye nini zaidi?

MzeeMajengo
Mimi nasema atie maji ya kisima puani. Visima vyetu huku vina chumvi tayari, huna haja ya kuchanganya. Ama baharini.

TabibuMstaafu
Mzee wangu, wazo la maji ya chumvi ni sahihi kabisa, na ndilo ninalolipendekeza kuliko vyote. Chanzo cha maji ndicho ninachokipinga.

Bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita. Mwili wetu ni kama gramu 9. Maji ya bahari yana karibu mara nne, ndiyo maana huwasha, na ndiyo maana pia hufungua pua: chumvi nyingi huvuta maji kutoka kwenye utando uliovimba. Kwa hivyo ulichokiona ujanani kilikuwa kweli. Lakini ufuo wa karibu na mji hupokea maji taka, na utando wenye jeraha si mahali pa kuyapitisha.

Kisima ni kibaya zaidi. Hapa kisiwani visima na vyoo vya shimo vimekaa pamoja, na chumvi yake hakuna aliyeipima. Tena kuna amiba mmoja wa maji baridi yasiyo na chumvi yenye joto, Naegleria, ambaye ukimnywa hakudhuru, akiingia juu puani aweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Karachi, Pakistani, wamekufa watu ambao hawakuogelea popote, na maji ya bomba yaliyoingia puani ndiyo yaliyoshukiwa. Ni ugonjwa wa nadra mno, na sisemi haya kumtisha mtu na udhu wake. Nasema, maji ya kusukumwa ndani ya pua yachemshwe. Basi.

MkaaTudor, fanya hivi. Chemsha maji, yakishaanza kutokota kwa nguvu yaache dakika moja nzima. Sisi tuko usawa wa bahari, dakika moja yatosha. Ndugu zetu wa nyanda za juu sana, zaidi ya mita 2000 hivi, wahesabu tatu. Yafunike yapoe mpaka yawe vuguvugu, na yakipoa usiongeze maji ya bomba kuyapunguza joto, watu wengi huharibu hapo. Chukua robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kilichofutwa juu. Tia na soda ya kuokea, ile baikaboneti, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, ili isiwashe. Magadi yanayopikiwa maharage siyo, usiyatie. Chumvi isiyo na madini joto ndiyo nzuri. Ukiikosa, ya jikoni yafaa, ila huenda ikawasha kidogo.

Tumia chupa laini ya kubana iliyooshwa kwa maji yaliyochemshwa. Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande, mdomo wazi, pumua kwa mdomo. Bana taratibu kwenye tundu la juu, maji yatatokea la chini. Usiongee, usimeze. Nusu ya chupa upande mmoja, nusu upande mwingine. Mara mbili kwa siku zatosha. Sikio likianza kuuma, simama. Na kama tundu limeziba kabisa maji hayapiti, usilazimishe. Hapo ndipo dawa ya kupuliza ya siku tatu ina kazi, puliza, ngoja dakika kumi, kisha suuza.

Ujue pia mpaka wake. Maji hayo hayaingii sana ndani ya pango lenye mlango uliofungwa. Yanachofanya ni kuondoa kamasi nzito iliyo nje ya mlango na kupunguza uvimbe wa hapo, ili vijinywele vilivyobaki vipate pa kusukumia. Ndiyo maana matokeo ni ya siku kadhaa.

DerevaLikoni
Na kupenga? Mimi napenga kwa nguvu mpaka masikio yazibe. Si ndiyo kuitoa?

TabibuMstaafu
Kupenga kwa nguvu huku umebana matundu yote mawili hupandisha mkandamizo puani kiasi cha kurudisha kamasi ndani ya sainasi. Hili walilipima mwaka 2000: waliweka kioevu kinachoonekana kwenye picha, wakawaambia watu wapenge, na kioevu kikakutwa ndani ya mapango. Kukohoa na kupiga chafya hakukufanya hivyo. Penga tundu moja moja, kwa pumzi ndogo, lingine likiwa wazi.

KasidaNyali
Samahani kuingilia. Mimi huimba kasida, na nikiwa na mafua nikivumisha sauti mdomo umefungwa nasikia uso wote watetemeka na pua yalegea. Wenzangu wasema ni imani yangu tu. Kuna ukweli?

TabibuMstaafu
Kuna ukweli wa kiasi. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba ukivumisha sauti hivyo, gesi ya oksidi ya naitriki inayotoka puani huongezeka mara 15 kuliko ukipumua kimya, na gesi hiyo hutengenezwa kwa wingi kwenye sainasi. Maana yake mtetemo unasukuma hewa kuingia na kutoka kwenye mapango. Lakini ni mapango yaliyo wazi. Mlango ukiwa umefungwa ongezeko hilo hupotea. Iwapo humponya mtu aliyeziba, hilo bado halijathibitika. Endelea, haina ubaya.

MamaSwaumu
Na supu ya pweza yenye pilipili? Hiyo hata mume wangu asiyeamini kitu huisifu.

TabibuMstaafu
Pilipili hufanya tezi za mbele ya pua zimwage majimaji, ni neva tu. Hayo hayatoki kwenye sainasi. Ila supu ya moto, chai ya tangawizi, maji, vyote vyasaidia mtu asikauke, na aliyekaukiwa kamasi yake huwa gundi. Anywe kwa kiu yake, asijilazimishe ndoo.

MenoKongowea
Nimesoma uzi wote, mimi ni mhudumu wa kliniki ya meno. Daktari ameeleza vizuri, ila nina wasiwasi kidogo. MkaaTudor ana upande mmoja tu. Mafua kwa kawaida hukamata mashavu yote mawili hata kama moja lazidi. Nataka kumuuliza: meno ya juu yanauma yote kwa pamoja, au kuna moja linalozidi? Ukiligonga kwa kucha? Na kamasi ya upande huo ina harufu mbaya unayoisikia wewe mwenyewe?

TabibuMstaafu
Swali zuri sana, na ni kweli. Gego lenye usaha kwenye mzizi laweza kutoboa ile sakafu nyembamba na kuijaza sainasi kutoka chini. Hapo utasuuza mwezi mzima bila kupona, maana chanzo kiko chini.

MkaaTudor
Nimegonga sasa hivi. Mengi yana ganzi tu, lakini gego moja la kushoto, la pili kutoka nyuma, lauma kwa mkato. Liliwahi kuzibwa miaka ya nyuma. Harufu, kuna harufu kidogo, nilidhani ni ya mafua.

MenoKongowea
Basi usingoje. Endelea na maji ya chumvi, lakini wiki hii ukapigwe picha ya mzizi wa hilo gego. Usikubali ling'olewe kabla ya picha kusomwa, maana mizizi yake yaweza kuwa imeingia kwenye sainasi, na likitolewa ovyo hubaki tundu kati ya mdomo na pango.

TabibuMstaafu
Nami naona huenda bado ni mafua tu, kwa kuwa yalianza nyumba nzima na bado hujafika siku kumi. Picha ndiyo itakayotuamua. Wakati huo huo nenda hospitali bila kungoja picha ikiwa mojawapo ya haya litatokea: siku kumi zipite bila unafuu wowote, au upate nafuu kisha urudie vibaya na homa, au homa ifike 39 huku usaha ukitoka na shavu likiuma kwa siku tatu mfululizo. Hapo antibaiotiki ina hoja. Na ikiwa jicho litavimba, kope ishindwe kufunguka, uone vitu viwili viwili, paji la uso livimbe, au kichwa kiume vikali na shingo kukakamaa, hiyo ni usiku uleule, Hospitali Kuu ya Pwani, kitengo cha dharura.

MkaaTudor
Nimeelewa. Picha nitakwenda Alhamisi, nitawaletea majibu hapa. Swali la mwisho daktari: sijda je? Niendelee kuinama au nisali kwa kuketi?

TabibuMstaafu
Kuinama hakukudhuru ndani, hakutapasua kitu, ni maumivu tu. La ruhusa ya kuketi kamuulize imamu wako. La mwili ni hili: suuza nusu saa kabla ya swala, meza parasetamoli ikiwa yakubaliana nawe, na uinuke polepole.

BintiMjiWaKale
Daktari, na mimi nikilala ubavu, kama mashavu yangu yote mawili yameziba, nianze na upande upi?

TabibuMstaafu
Anza na lile linalouma zaidi liwe juu. Baada ya saa moja hivi, geuka.